"Imepokelewa" na nani?

Mama mdogo anashona sare za shule hapa Lubumbashi. Mwaka jana, kabla ya Septemba, nilimtengenezea fomu ndogo ambayo wateja wanaijaza kwenye simu. Sentensi inayotokea mteja akishabonyeza "Tuma" niliiandika mimi: "Asante. Komande yako imepokelewa." Niliona ni Kiswahili safi.

Siku ya tatu baba mmoja alifika na mtoto wake kuchukua sare. Kitambaa hakikuwa kimekatwa hata kidogo. Mama mdogo alikuwa akingoja avansi, naye baba alikuwa akingoja sare. "Mama, lakini mliniandikia kwamba imepokelewa," alisema, akatuonyesha simu. Masomo yalianza Jumatatu. Mama mdogo alishona usiku kucha, mara mbili, wala hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Baba yule alisoma vizuri. Mgeni akipokelewa, amekaribishwa. Na kwa Kifaransa chetu cha shule, aliyefaulu mtihani naye ni "resu". Mimi nilitaka kusema tu kwamba maandishi yamefika, yeye akasikia tumekubaliana. Zaidi ya hapo, kiambishi -w- kilimficha mtendaji. Wakati sentensi ile inatokea, hakuna mtu aliyekuwa ameisoma komande. Ilikuwa imehifadhiwa tu. Na -me- ikaufunga mlango: jambo limekwisha, hakuna lililobaki kwa mteja.

Niliandika upya, mama mdogo akiwa kando yangu:

"Komande yako namba 47 imetufikia: mashati 2 meupe na kaptula 2 za bluu, mtoto wa miaka 8. Bado hatujaanza kushona. Kesho kabla ya saa sita mchana tutakupigia simu kukuambia bei. Tutaanza ukishalipa nusu. Usipopigiwa, tupigie wewe, utaje namba 47. Asante."

Kazi kubwa humo inafanywa na -ja-: "hatujaanza" inamwambia mteja kwamba jambo linatazamiwa, ila wakati wake haujafika. "Tuta-" inamtaja mtendaji, na saa inampa mteja haki ya kudai. Kurudia vitu alivyoagiza nilikuona kama kujaza nafasi, mpaka mama mmoja aliposoma "miaka 8" akapiga simu mara moja: mtoto wake ana 11, kidole kilikosea. Maneno hayo hayo sasa tunayatuma pia kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa ukurasa ukifungwa hauachi alama, na mteja asiyeona alama anajaza fomu mara ya pili.

Tulibishana juu ya siku za kushona. Mimi nilitaka kuongeza "sare itakuwa tayari baada ya siku nne." Mama mdogo aliuliza kama hizo siku nne ni zenye umeme au zisizo na umeme. Tukaandika sita.