Irabu Tatu Ndani ya A Moja

Lugha yangu ya kwanza ni Kiganda, na Kiswahili nimejifunza shuleni. Lugha zote mbili zina irabu tano zile zile. Kiingereza kina nyingi zaidi, na tatu kati yake sisi huziweka zote katika a moja: ile ya cat, yaani paka, ile ya cut, yaani kata, na ile ya cart, yaani mkokoteni.

Jambo hili lilinishughulisha muhula uliopita kwa sababu ya rafiki ninayekaa naye chumba kimoja. Anasomea ualimu wa Kiswahili na Kiingereza, na zilikuwa zimebaki wiki tatu aende kwenye mazoezi ya kufundisha. "Wanafunzi wataandika ninachotamka," aliniambia. "Nikiyatamka yote matatu sawa, nitamkosoa nani?"

Tuliandika kila neno kwenye vikaratasi kumi, tukavichanganya vyote thelathini. Nilikuwa nachukua kimoja, nalicheza neno hilo kwenye kamusi ya simu yenye sauti ya Kiingereza cha Uingereza, naye anaandika alichosikia. Cart alipata tisa kati ya kumi. Cat na cut, ambazo kwa jumla zilikuwa ishirini, alipata kumi na moja. Hapo hata anayerusha sarafu angemkaribia.

Kiganda ndicho kilichompa zile tisa. Kwetu urefu wa irabu hubadilisha maana: okusiga ni kupanda mbegu, okusiiga ni kupaka, kama rangi. Basi sikio la Mganda hupima urefu bila kuambiwa. Irabu ya cart ni ndefu, ikajitenga. Zile mbili fupi zikabaki pamoja.

Lakini urefu si wa kutegemewa. Tulipojaribu bad, bud na bard, rafiki yangu aliandika bard mara kadhaa mahali pa bad. Katika Kiingereza irabu iliyo mbele ya d au g huvutwa zaidi kuliko iliyo mbele ya t au k, kwa hiyo a ya bad hurefuka na kumdanganya anayepima urefu peke yake. Ilitubidi tutafute tofauti mahali ulimi unapokaa.

Msaada tuliupata kwenye Kiswahili chenyewe. Tazama maneno haya ya mkopo: begi, benki, gesi, feni, mechi. Kwa Kiingereza yote yana irabu ya cat, na Kiswahili kimeyapa e. Basi, klabu na brashi yana irabu ya cut, nayo yamepewa a, kama kadi na chati, ambayo yana irabu ya cart. Kwa hiyo irabu ya cat iko jirani na e kiasi cha Waswahili kuisikia hivyo. (Kiganda kilichukua njia nyingine: benki kwetu ni bbanka.) Najua blanketi na kabichi yanavunja utaratibu huu, lakini yale mengine yalitosha kutuonyesha pa kuanzia.

Tulisimama mbele ya kioo. Kwa cat, tamka e ya meza, uishikilie, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya chini, kisha teremsha taya bila kuuacha ulimi urudi nyuma. Ukirudi, utasikia a ya kata. Kwa cut, anza na hiyo a ya kata, ila funga mdomo kidogo, legeza midomo na uikatize upesi. Ulimi unakaa katikati. Cart ni ile sauti unayotoa daktari anapotaka kukutazama kooni: taya chini, ulimi nyuma, na irabu inavutwa. Mwingereza wa kusini haitamki r yake. Mmarekani huitamka, na hapo neno linajitambulisha lenyewe.

Baada ya wiki mbili, kila jioni dakika kumi, tulirudia vile vikaratasi. Cat na cut alipata kumi na saba kati ya ishirini. Kutamka kulichelewa kuliko kusikia, na tatizo lilikuwa jipya: kwa kuogopa a, sasa hakuteremsha taya vya kutosha, na bag yake ikawa beg, yaani omba. Kioo kilimwonyesha. Mdomo ulikuwa umefunguka kama wa kusema meza, wala haukuongezeka.

Alipofunga mizigo yake kwenda shuleni, vikaratasi vya bad, bud na bard vilikuwa ndani ya bahasha. Alikuwa ameviongezea vingine kumi, vyote vimeandikwa bed.