Goti la Kaloli

Kazi ya kwanza iliyonilisha ilikuwa kuchora ng'ombe kwenye kuta za bucha, Busia, pande zote mbili za mpaka. Ng'ombe wa bucha hana matata. Anasimama ubavu, kwato nne chini, na mwenye duka anachotaka ni nundu ionekane na rangi isichujuke mvua zikianza. Hakuna aliyewahi kuniuliza ng'ombe wangu angetembeaje. Swali hilo lilinisubiri Nairobi, nilikoenda kujifunza uhuishaji. Mafundi wa huko walikuwa bado wanaizungumzia Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa katika mji huohuo na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, wanyama wake wakifuata mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Wanyama wale ni bapa kama walivyo kwenye ubao, lakini wanatembea, na kuanzia hapo nikawa natazama viungo kabla ya rangi.

Niliporudi nilipanga chumba Tororo, dirisha likitazama ule mwamba mkubwa, na kazi iliyonikalisha kitako ilikuwa filamu fupi za watoto kuhusu kuvuka barabara katikati ya malori ya mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Busia mwaka 2018, ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika mahali pamoja, lakini malori ni yaleyale na watoto wanapita kati yao wakiuza maji na ndizi. Nikataka mhusika anayejua njia zote: ejenti wa forodha, mwenye kiburi kidogo, aitwaye Bwana Muhuri. Umbo lake lilikuwa tayari linazurura machinjioni. Kaloli, yule korongo mkubwa, ana koti jeusi mgongoni, shati jeupe kifuani, kipara, na mwendo wa mtu ambaye faili lako liko mezani kwake na hana haraka nalo.

Nilikwenda machinjioni asubuhi nyingi na daftari. Mchinjaji mmoja mzee alinivumilia mpaka akachoka.

"Fundi, huyu mchafu unamchora wa nini?"

"Natafuta goti lake, mzee wangu."

"Si lile pale, linalokunja kwa nyuma?"

Nikamwomba anionyeshe goti la ng'ombe aliyekuwa akimchuna. Akaweka kisu karibu na tumbo, juu kabisa ya mguu wa nyuma, bila kufikiri. Kisha akashusha macho kwenye kile kiungo cha chini kinachochomoza nyuma, akamtazama kaloli, akacheka: "Kumbe anasimama kwa vidole!"

Ndivyo ilivyo. Paja la kaloli ni fupi na limefichwa ndani ya manyoya, na goti lake liko humohumo, karibu na tumbo, linakunja mbele kama letu. Chini yake unashuka muundi mrefu. Kile tunachokiita goti ni kifundo cha mguu, na ule mfupa mwembamba unaofuata ni sehemu ya wayo iliyosimama wima. Anayekula kuku amevishika viungo hivi vyote, isipokuwa havijamjia kama mchoro. Mchoraji asiyevijua hugawa mguu vipande viwili vilivyo sawa na kuweka bawaba katikati. Mchoro ukisimama, unapendeza. Ukianza kutembea unamwona mtu aliyevunjika magoti, na hata mtoto ambaye hajui jina la mfupa wowote atakwambia huyu ndege anaumwa.

Kanuni yangu ikawa kwamba mfupa naweza kuurefusha nitakavyo, lakini kiungo hakihami. Kaloli halisi hufikia kimo cha mita moja na nusu, na mdomo wake ni kama sentimita 30. Bwana Muhuri nilimpa mdomo wa karibu theluthi ya kimo chake, na kiwiliwili nikakipunguza. Bawaba ya mdomo, hata hivyo, ilibaki pale ilipo kwa ndege, nyuma chini ya jicho. Ukiisogeza mbele ili kurahisisha kazi, mdomo unafunguka kama mkasi uliobandikwa usoni na maneno hayaonekani kutoka kichwani mwake. Miguu ya kaloli ni myeusi kwa asili. Inaonekana myeupe kwa sababu ndege huyu huinyea ili apoe kwenye joto. Watoto hatukuwaeleza hayo, tulimvalisha soksi nyeupe. Soksi niliishonea ukingo mwekundu hasa kwenye kifundo, ili jicho lijue mguu unakunjia wapi.

Ule mfuko unaoning'inia kooni ulikuwa zawadi. Ni mfuko wa hewa, hauhifadhi chakula kama watu wengi wanavyodhani. Nikaufanya uvimbe anapojisifu, na usinyae anapoulizwa risiti. Akigeuza kichwa, mfuko unafuata fremu mbili au tatu baadaye, na kuchelewa huko kunampa uzito bila kuchora kitu kipya. Shingo halisi ina pingili nyingi. Nilimwekea mifupa minne tu, inayotosha kuishika ile herufi S. Macho ndiyo niliyodanganya waziwazi. Ndege hawezi kuzungusha mboni sana, hugeuza kichwa, lakini mtoto anataka kuona mhusika akimtazama mwenzake kwa kona.

Kwenye Blender, elimu ya machinjioni ilinilipa tena. Kwa kuwa paja limefichwa, mguu unaoonekana una mifupa miwili tu, muundi na wayo. Nikaweka `Inverse Kinematics` kwenye mfupa wa chini, `Chain Length` ikiwa 2, nikawa navuta vidole na mguu unajikunja wenyewe. Ukiiacha `Chain Length` kwenye 0, kompyuta inapanda mifupa yote mpaka kwenye shina, na kila ndege anapokanyaga kiwiliwili kinavutwa pamoja na mguu. Paja nililihamisha kwa mkono, pamoja na nyonga. Jambo jingine ni kutounyoosha mguu kabisa. Kompyuta ikikuta mguu ulionyooka kama rula haijui ikunje upande gani, na kifundo hurukia mbele kwa fremu moja. Kwa kasi ya kawaida utahisi kitu kimekukonyeza tu. Pita fremu kwa fremu utakikuta. Mkunjo mdogo wa kudumu unalimaliza tatizo hilo.

Kijana niliyefanya naye kazi alihuisha mwendo wa kwanza kwa fremu 12 kila hatua, kwa fremu 24 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya askari gwaride. Tukaipeleka hadi 20, vidole vikikusanyika mguu ukiinuka na kutawanyika kabla haujagusa chini, na Bwana Muhuri akaanza kuwa na cheo. Halafu tukamjaza rangi nyeusi mwili mzima ili tuone kivuli chake peke yake. Akitembea, alisomeka. Akiukalisha mdomo kifuani, kama wanavyopenda kaloli, mdomo ulimezwa na kiwiliwili na hukujua kama anafikiri au amelala. Kwa pozi hilo tulimsukuma kichwa mbele kuliko ndege yeyote, mpaka ncha ya mdomo ikatoka nje ya kifua.

Kwa mbele hatukumchora kabisa. Macho yake yako pembeni, na mdomo mrefu ukikuelekea unabaki kuwa nukta. Anaonekana ubavu au robo tatu, basi.

Mteja alipouona mkanda aliuliza kwa nini haruki. Kaloli akiruka hukunja shingo nyuma, tofauti na korongo wengi wanaoinyoosha, na mabawa yake yanaweza kupita mita mbili na nusu. Mifupa minne ya shingo haikunjiki hivyo bila ngozi kupasuka kooni. Nilimwambia naweza kumtengeneza Bwana Muhuri wa pili, wa angani, kwa bei yake. Akafikiri, akasema ejenti wa forodha hana sababu ya kuruka, foleni iko chini.