Pesa za mtandaoni huja vipande vipande, ushuru huja kwa pamoja

Mwalimu aliyeajiriwa nchini Kenya hana kazi kubwa ya kuhesabu ushuru wake. Mwajiri humkata kila mwezi, na mwaka ukiisha humpa fomu ya P9 inayoonyesha alichopata na kilichokatwa. Hunakili tarakimu hizo kwenye iTax kabla ya Juni 30, na shughuli inaisha kabla chai haijapoa.

Mke wa mwalimu mmoja wa Nakuru hana P9. Mama huyu wa watoto wawili hufanya kazi kwenye meza ya jikoni watoto wakishalala. Kampuni moja ya Marekani humtumia sauti za mahojiano ya utafiti wa afya, naye huziandika neno kwa neno. Shirika moja la Nairobi humpa vijitabu vya chanjo na lishe avitafsiri. Kati ya kazi hizo mbili, wanafunzi wa vyuo humlipa awapangie ripoti zao.

Wamarekani hulipa kwa dola kupitia PayPal, wakati mwingine mara tatu kwa mwezi, wakati mwingine wiki sita hupita kimya. Shirika hulipa benki, mara nyingi baada ya kukumbushwa. Wanafunzi hutuma M-Pesa, na wengine hutuma nusu leo, nusu "kesho". Mwaka wa 2024 ulikuwa wa kwanza kufanya kazi hizo kuanzia Januari hadi Desemba.

Juni 2025 ilipofika, mume alikuwa na jibu rahisi: waende saiba wamfailie ritani ya "nil", yaani hakupata chochote, kwa kuwa hajaajiriwa. Aliyewazuia ni dada yake mume, anayetunza vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika.

"Wifi, lile shirika la Nairobi si lilikukata ushuru?" aliuliza. "Basi KRA wana PIN yako na kiasi ulicholipwa. Utawaambiaje kwamba hukupata kitu?"

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mashirika na kampuni za Kenya zinapomlipa mtu kwa kazi ya kitaalamu, na malipo yakifika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lake. Huo ni ushuru wa zuio. Anayefaili nil huku vyeti vya zuio vimo kwenye akaunti yake ya iTax, anajipinga mwenyewe ndani ya mfumo uleule. Na ile kampuni ya Marekani, ingawa haikati chochote, haiondoi deni. Anayeishi Kenya na kufanya kazi yake Kenya hutozwa ushuru Kenya, hata kama anayemlipa hajawahi kukanyaga Afrika.

Kwa hivyo wifi hao wawili waliketi na daftari la kurasa 200, simu na taarifa za benki. Kosa la kwanza lilijitokeza ukurasa wa kwanza. Mama huyu alikuwa ameandika kilichofika kwenye simu. Ushuru hauanzii hapo. Unaanzia kwenye bei kamili ya kazi, kabla ya mtu yeyote kukata chake. Kazi ya dola 200 ilikuwa ikimfikia kama dola 180, kwa sababu kampuni ilibaki na kamisheni ya asilimia 10. Mapato ni 200. Zile 20 ni gharama, nazo huandikwa upande wa gharama. Ukiandika 180 peke yake, mapato yako hayatalingana na taarifa ya mlipaji. Na ukisahau, ukaandika 200 bila kuonyesha zile 20, utalipia ushuru pesa ambazo hukuzishika.

Halafu kuna thamani ya dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Dola 200 zilezile zilikuwa shilingi 32,000 mwezi mmoja na 26,000 miezi michache baadaye. Kutumia kiwango kimoja kwa mwaka mzima kungeharibu hesabu yote. Walirudi kwenye kila tarehe ya malipo na kuchukua kiwango cha Benki Kuu ya Kenya cha siku hiyo, ambacho huchapishwa kwenye tovuti yake na mtu yeyote anaweza kukithibitisha. Kazi hiyo iliwachukua Jumapili mbili. Ingefanywa siku pesa zilipoingia, ingechukua dakika mbili kwa kila malipo.

Kosa la pili lilikuwa la mlipaji. Shirika la Nairobi lilimlipa mara tano kwa mwaka, shilingi 40,000 kila mara, na kila mara likakata 2,000. Jumla ni 10,000, pesa ambazo zinapaswa kupunguzwa kwenye ushuru wake wa mwisho. Walipofungua iTax walikuta vyeti vinne. Cha tano hakikuwepo. Mhasibu wa shirika alipoulizwa aligundua kwamba PIN iliandikwa vibaya, na zile 2,000 zikaenda kwa jina la mtu mwingine. Zilirekebishwa, lakini baada ya barua pepe nne. Anayekatwa zuio hana njia nyingine ya kujua: sharti alinganishe alichokatwa na vyeti vilivyomo iTax, na afanye hivyo ndani ya mwezi uleule, mhasibu angali anakumbuka.

Kosa la tatu lilikuwa ndani ya M-Pesa. Humo mlikuwa na pesa za wanafunzi, pesa za mume za unga na sabuni, shilingi 90,000 za zamu yake kwenye chama, na mkopo wa ndugu yake. KRA wakikagua, huweza kuanza na jumla ya pesa zilizoingia na kumtaka mwenyewe aeleze zipi si mapato. Zamu ya chama si mapato ya kazi, wala mkopo si mapato. Lakini simu haisemi hivyo. Husema tu fulani ametuma. Kwa hiyo daftari lilipata sehemu ya pili, ya pesa zisizo mapato: tarehe, aliyetuma, sababu, na palipo na ushahidi, kama kitabu cha chama au ujumbe wa ndugu.

Kisha wakajumlisha. Kampuni ya Marekani ilikuwa imelipa, kabla ya kamisheni, sawa na shilingi 540,000. Shirika, kabla ya zuio, 200,000. Wanafunzi 60,000. Mapato kamili yakawa 800,000, ingawa zilizofika mkononi zilikuwa 736,000.

Gharama zinazokubaliwa ni zile zilizotumika kuleta mapato hayo. Kamisheni ilikuwa 54,000. Intaneti ya nyumbani ni 36,000 kwa mwaka, lakini watoto hutazama katuni humohumo, kwa hiyo waliandika nusu, 18,000. Ankara zake zilikuwa za eTIMS zenye PIN yake. Tangu 2024 gharama za biashara za hapa nchini zisizo na ankara ya aina hiyo kwa kawaida hukataliwa. Kipakatalishi cha 64,000 hakiondolewi chote mara moja. Sheria huruhusu robo ya bei kila mwaka, yaani 16,000. Gharama zote zikawa 88,000, na mapato ya kutozwa ushuru 712,000.

Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, nayo ni 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, nayo ni 25,000. Zilizobaki, 324,000, hutozwa asilimia 30, nayo ni 97,200. Jumla ni 151,000. Kila mkazi hupewa nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka, ikabaki 122,200. Wakatoa 10,000 za zuio. Deni: shilingi 112,200.

Mama alinyamaza. Pesa hizo zilikuwepo, lakini zilikuwa na jina. Zilikuwa akiba ya kifungua mimba wao, ambaye angeingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Na deni lilikuwa limeshaanza kukua. Juni 30 ni mwisho wa kufaili. Mwisho wa kulipa ushuru wa mwaka uliopita ni Aprili 30. Kuchelewa kulipa huleta faini ya asilimia 5, ambayo kwake ilikuwa 5,610, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kwa Mei na Juni riba ilikuwa 2,244. Alilipa shilingi 120,054 kutoka kwenye ile akiba, na kufaili siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Angeweza kuomba KRA alipe kidogo kidogo, lakini riba ingeendelea kuhesabiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mwaka wa kwanza haulionyeshi. Ushuru wa mwaka ukizidi shilingi 40,000 baada ya kuondoa uliokatwa tayari, mtu hutakiwa kuulipa kwa awamu nne katika mwaka wenyewe: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Awamu huweza kukadiriwa kwa ushuru wa mwaka uliopita pamoja na asilimia 10 yake. Mwaka 2024 hakuwa na mwaka wa nyuma wa kupimia, kwa hiyo hakudaiwa awamu. Mwaka 2025 alidaiwa, takriban 30,000 kila awamu, na mbili za kwanza zilikuwa zimepita kabla hajajua. Alizilipa pamoja na faini zake kutokana na kazi za Julai na Agosti.

Tangu hapo, malipo yakiingia huandika mstari mmoja kabla ya kuyagusa: tarehe, mlipaji, kazi, bei kamili, kamisheni, kiwango cha dola, zuio, kilichofika. Kisha huhamisha asilimia 20 ya kilichofika kwenye akaunti ambayo haina kadi. Kwa mapato yake ya 2024 asilimia 15 na kitu kidogo ingetosha, lakini kila shilingi anayoongeza sasa hutozwa asilimia 30, ndiyo maana hakuishia hapo. Mume, ambaye zamani aliuliza pesa za mtandaoni huenda wapi, sasa husoma daftari mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi yeye hupakua taarifa za PayPal, za kampuni na za M-Pesa, na kuzihifadhi nje ya simu. Sheria inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na akaunti ya mtandaoni ikifungwa, historia yake huondoka nayo.

Mzazi aliyeajiriwa na mwenye kazi ya pembeni mtandaoni ahesabu kwa namna tofauti kidogo. Nafuu ya 28,800 na kiwango cha asilimia 10 kwa kawaida vimeshatumika kwenye mshahara, kwa hiyo pesa za pembeni huanza juu, mara nyingi kwenye asilimia 30. Huyo atenge zaidi, na ajaze mshahara na mapato ya pembeni kwenye ritani moja.