Programu Ilisema Mimi ni Mashine

Mwezi jana mteja alikataa makala yangu kuhusu wachuuzi wa Gikomba. Ati programu imesema asilimia 92 imeandikwa na mashine. Malipo yakakwama.

Hizo programu hazijui nani ameandika. Zinakadiria tu, na nyingi huangalia maneno yako yanatabirika kiasi gani. Kwa hivyo sisi tunaoandika Kiingereza sanifu cha shuleni tunaweza kunaswa haraka. Watafiti wa Stanford walizijaribu 2023 kwa insha za TOEFL zilizoandikwa na watu, na kwa wastani zikashuku zaidi ya nusu.

Sikubishana na namba yake. Nilimpa ruhusa ya Editor kwenye Google Docs, kwa sababu Viewer haoni historia. Nikamwambia abonyeze File, kisha Version history. Akaona siku tatu za kazi: aya niliyofuta na kuandika upya, bei ya mtumba niliyorekebisha baada ya kupiga simu. Bei hiyo hiyo iko kwenye daftari langu, nikamtumia picha. Akalipa.

Lakini chunga: ukiandika kwingine halafu ubandike makala yote mara moja, historia itaonyesha kubandika tu. Andikia humo humo tangu sentensi ya kwanza, na daftari usitupe.