Duka la Msamvu na Mhasibu wa Jumamosi

Duka lilipofunguliwa karibu na Msamvu, Morogoro, mwishoni mwa 2019, lilikuwa na misumari, rangi, bawaba na makufuli, na hesabu zake zote zilikaa kwenye daftari moja la kaunta. Mama mwenye duka alipiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto yaliyoingia, kulia yaliyotoka. Wa kumtunzia vitabu hakumhitaji, na kwa biashara ya ukubwa ule hakuwa amekosea.

Sheria yenyewe ilikuwa upande wa daftari. Mfanyabiashara mdogo asiyezidi mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hulipa kodi ya makadirio, inayotozwa juu ya mauzo bila kuuliza faida. Katika ngazi za chini za kodi hiyo, mwenye kumbukumbu na asiye nazo hawalipi sawa. Mwaka 2020 mama aliuza bidhaa za milioni 9. Kwa ngazi ya milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu alitozwa 250,000. Mwenye nazo alitozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 60,000 zaidi, jumla 150,000. Daftari la shilingi elfu chache lilimwokolea laki nzima. Mhasibu wa kulipwa kila mwezi angeimeza laki hiyo kabla hata ya Machi.

Kilichobadilisha mambo ni saruji, aliyoanza kuiuza Machi 2023. Wakati huo mfuko aliuuza shilingi 16,000, na kwenye kila mfuko alibaki na 500 hivi. Mifuko 20 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, inafika karibu milioni 100 kwa mwaka, ilhali faida yake ghafi ni milioni 3 na kidogo. Mauzo yalivimba, mfuko wake mwenyewe haukuvimba hivyo. Mwaka ulipofungwa alikuwa amepita milioni 100, na hapo akatoka kwenye makadirio. Kodi yake sasa ingehesabiwa juu ya faida, jambo lililomfaa muuza saruji, ila kwa masharti mapya: hesabu kamili za biashara, makadirio ya kodi ya mwaka yanayolipwa kwa awamu nne, na ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa.

Daftari la mistari miwili halikuweza kuonyesha faida. Halikuwa na bidhaa zilizobaki stoo, wala deni analodaiwa na mwenye kiwanda, wala uchakavu wa pikipiki ya kubebea mizigo. Mama alikesha wiki kadhaa akijaribu kuvijumlisha, kisha akatafuta mtu.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyejiita mhasibu na bei yake ilikuwa rahisi. Alipofungua akaunti ya mama kwenye mfumo wa TRA, aliweka namba yake ya simu na barua pepe yake. Kila ujumbe wa uthibitisho ulimwendea yeye. Alipohamia mji mwingine, mama alijikuta hawezi kuingia kwenye hesabu za biashara yake, na ritani zikachelewa huku adhabu ikihesabiwa kwa kila mwezi. Ilibidi aende mwenyewe ofisini na kitambulisho na TIN ili namba ibadilishwe. Tangu siku hiyo simu ya uthibitisho ni yake, na anayemfanyia kazi humpigia aombe tarakimu.

Wa pili ndiye aliyedumu. Huja Jumamosi mbili kwa mwezi, analipwa 200,000, na kikao cha kwanza alikitumia kumweleza mama kazi ambayo hataifanya.

"Mama, mimi sitaandika mauzo yako. Nikija baada ya wiki mbili nitakuwa nabahatisha. Kila jioni wewe toa ripoti ya Z kwenye mashine, hesabu fedha ya droo, andika nani kachukua kwa deni."

"Sasa mwanangu, nakulipa ya nini?"

"Ya kukuambia kwa nini hizo tatu hazilingani."

Oktoba 2024 ndipo mama alipoliona hilo kwa macho. Mwezi uliotangulia alikuwa amesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kuwa mauzo yalishapita milioni 200, kiwango kilichowekwa Julai 2023 badala ya milioni 100. Ripoti za Z za mwezi zilijumlisha 18,400,000. Fedha taslimu iliyofika benki ilikuwa 9,850,000, na iliyopita kwenye lipa namba 5,900,000. Deni la zamani halikulipwa hata moja. Zilipungua 2,650,000, na mama aliwaza moja kwa moja kijana wake wa kaunta.

Mhasibu alitandika karatasi mezani na kuanza kupunguza. Kwenye daftari la madeni, mafundi watatu walikuwa wamechukua mali ya 1,900,000, risiti zikiwa zimeshatoka. Vocha za bodaboda, vibarua wa kushusha mizigo na umeme zilifika 430,000, zote zimelipwa kutoka droo kabla fedha haijapelekwa benki. Zilibaki 320,000. Mama alinyamaza kidogo, akakumbuka ada ya shule aliyoichota mwenyewe asubuhi moja. Kijana hakuwa na kosa.

Karatasi hiyo ilizaa jambo la pili. Katika deni la mafundi mlikuwa na VAT karibu 290,000, na kwa kuwa risiti zilitoka Oktoba, kodi hiyo iliingia kwenye ritani ya kuwasilishwa kufikia tarehe 20 Novemba, mafundi wawe wamelipa au hawajalipa. Mama alikuwa akimkopesha fundi saruji, kisha anamlipia na kodi. Kuanzia Novemba aliweka kikomo cha deni kwa kila mmoja.

Jambo la tatu lilihusu manunuzi. Mifuko 100 ya saruji kwa 1,650,000 ilikuwa na risiti isiyoonyesha namba za usajili za mama, na kwa risiti ya namna hiyo VAT iliyomo, karibu 252,000, haiwezi kudaiwa. Mhasibu aliirudisha kwa muuzaji ikatolewa upya, kwa sababu dirisha la kuidai ni miezi sita. Risiti moja ilizidi ujira wake wa mwezi mzima. Mama, aliyekuwa bado ananung'unikia 200,000, hakulitaja tena.

Kuna mpaka ambao mhasibu huyu wa Jumamosi hauvuki. Ukaguzi wa mwaka hufanywa na mtu mwingine, mwenye CPA na leseni ya NBAA, kwani aliyeandika vitabu hawezi kuvikagua mwenyewe. Malipo yake ni mara moja kwa mwaka, na hupungua akikuta mafaili yamepangwa kwa mwezi. Mama hutunza risiti zote kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka, kwenye maboksi ya vigae stoo.

Sasa anafikiria tawi la Kihonda. Mhasibu ameomba aje kila Jumamosi kwa 350,000. Mama amemwambia asubiri miezi mitatu ya ripoti za Z za huko, kwani ikiwa Kihonda itauza misumari na rangi tu, bila saruji wala deni, anaamini binti yake na daftari la mistari miwili wataitosha.