Karatasi Mbili za Msusi

Msusi mpya akija saluni kwangu, hapa Chuno mjini Mtwara, kwanza tunapatana kwa mdomo. Lakini hagusi kichwa cha mteja mpaka karatasi mbili zisainiwe: barua ya kumpa kazi na mkataba. Utaratibu huo nilijiwekea zamani, nikiwa msusi wa kuajiriwa. Nilifanya kazi msimu mzima wa korosho, wakati pesa za mnada zimeingia mjini na foleni ya wateja haiishi, halafu siku ya malipo tajiri akaniambia hatukupatana kamisheni. Sikuwa na chochote cha kumwonyesha.

Barua ni fupi. Inataja kazi, mahali, siku ya kuanza, mshahara na siku ya mwisho ya kunijibu. Mkataba ndio unaofuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: jina la mfanyakazi, umri, jinsia na anwani yake, alikoajiriwa, kazi atakazofanya, aina ya mkataba, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyopigiwa hesabu. Hapo kwenye hesabu ndipo ugomvi wa saluni nyingi unapoanzia.

Mimi natoa mshahara wa mwezi usiopungua kima cha chini cha serikali, kisha kamisheni ya asilimia 20 ya ufundi. Nimeandika "ufundi" makusudi. Mteja akilipa shilingi 35,000 na rasta zangu zimegharimu 12,000, ufundi ni 23,000, na msusi anapata 4,600. Mteja akija na rasta zake, atalipa 23,000 na msusi atapata 4,600 ileile. Zamani niliona wasusi wakiwakwepa wateja wanaokuja na rasta zao, kwa sababu kamisheni ilipigwa kwenye bei nzima. Kichwa kikisukwa na wawili, wanagawana sawa, na jina la kila mmoja linaandikwa daftarini kabla mteja hajainuka kitini.

Kukatwa mshahara nako kumeandikwa. Draya ikiungua kwa uzembe, lazima nimpe msusi maandishi ya chanzo, kiasi na hesabu yake, nimsikilize akipinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Deni lenyewe haliwezi kupita gharama halisi ya kile kilichoharibika.

Majaribio kwangu ni miezi mitatu, ingawa kanuni zinaruhusu hadi mwaka mmoja. Miezi hiyo inanitosha. Natazama mistari ya kichwani kama imenyooka, na kama nywele za pembeni mwa uso hazivutwi mpaka ngozi inatoka vipele. Kwenye dawa ya nywele natazama kama anamuuliza mteja lini alisuka mara ya mwisho, na kama anaangalia michubuko kabla ya kupaka. Mwisho wa kila mwezi tunakaa, namwambia nilichokiona, tunaandika na kusaini wote wawili.

Wenye saluni wengi hukosea kwenye notisi. Wanaandika kwamba aliye kwenye majaribio anaondolewa kwa saa 24. Sheria haisemi hivyo: ndani ya mwezi wa kwanza, notisi ni angalau siku 7, baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi anastahili siku 28, hata kama majaribio hayajaisha. Ni kweli kwamba mtu asiyefikisha miezi sita hana kinga ile ya kuachishwa isivyo haki, lakini notisi yake iko palepale, kwa maandishi na yenye sababu. Nisipotaka aendelee kuja kazini, namlipa mshahara wa siku hizo.

Kipengele cha wateja nilikifikiria kuliko vyote. Malipo yote yanapita kwenye lipa namba ya saluni. Namba za wateja zinakaa kwenye daftari na simu ya saluni, na hakuna anayezipiga picha. Bibi harusi wa kusukiwa nyumbani anapangiwa hapa. Picha ya kichwa haiwekwi mtandaoni mpaka mwenyewe akubali. Lakini sikuandika kwamba akiondoka asifanye kazi Mtwara. Mikono ni yake, na mji ni wake pia.

Msusi wangu mmoja aliniletea notisi ya siku 28 mwezi Novemba, akaenda kufungua saluni yake Shangani. Tulilipitia daftari pamoja. Vichwa ambavyo siku zake zilikuwa zimeshapangwa kabla hajaondoka alivimaliza, vilivyobaki nikawapa wenzake. Kamisheni yake ya mwisho tuliihesabu mstari kwa mstari, nikamlipa siku ya mwisho pamoja na siku za likizo alizokuwa hajachukua. Baadhi ya wateja walimfuata, na mkataba haukuwazuia.