Achieng' Aliyegeuka Ochieng'

Shangazi yangu alikuwa akiandika kwa goti. Cherehani yake ya zigizaga, pale soko la Kibuye, ilikuwa na mkono wa chuma ulioning'inia chini ya meza. Akiusukuma kwa goti la kulia sindano ilipanua mwendo wake, akiuachia ikarudi kwenye mstari mwembamba. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye fremu, ikiisogeza nguo chini ya sindano kama mtu anayesogeza karatasi huku kalamu imetulia. Jina lilitoka nene tumboni na jembamba shingoni, herufi zake zimeshikana mikono tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi nilidhani kushikana kule ni urembo. Kumbe ni hesabu ya uzi. Kila unapoitenganisha herufi na nyingine lazima ufunge uzi, uukate, uihamishe nguo na kuanza upya, na mtu mwenye makoti 10 ya kumaliza kabla ya Jumapili, siku Kibuye inapofurika, hana muda huo. Tena herufi zake zilikuwa kubwa. Ile ya kwanza ilifika sentimita mbili, kwa sababu goti la binadamu haliwezi kucheza padogo zaidi ya hapo.

Mwaka 2009 tuliingiza mashine ya kompyuta, ya kichwa kimoja, ya mitumba lakini nzima. Unaandika jina, unachagua mwandiko, unabonyeza, inashona. Wateja waliozoea mkono wa shangazi walitaka mwandiko uleule wa kuunganisha, ila sasa mdogo na nadhifu, juu ya mfuko. Goti lilikuwa limetukataza mambo ambayo kompyuta haikukataza, na mimi nikafurahia ruhusa hiyo.

Kliniki moja ya binafsi ikaleta makoti meupe 24. Kila koti jina, na chini yake cheo. Nikachagua mwandiko wa kuviringa, ambao A yake kubwa ni duara lenye mkia, kama a ndogo iliyokuzwa. Herufi kubwa nikazipa milimita 5, cheo nikakipa 4 ili yote yaenee. Kwenye skrini yalipendeza kama kadi ya harusi. Makoti yakaenda Ijumaa. Jumatatu asubuhi muuguzi mmoja akasimama mlangoni, koti mkononi.

"Fundi, hebu nisomee hapa."

Nikasoma. "Ochieng'."

"Mimi ni mwanaume?"

"Samahani, sista. Umeandikwa Achieng'."

"Nimeandikwa, lakini sisomeki. Jana mgonjwa alimuuliza mwenzangu Ochieng' ni nani."

Kwa msomaji asiye wa huku ziwani: Achieng' ni msichana aliyezaliwa jua likiwa juu, Ochieng' ni mvulana wa saa hizohizo. Ndivyo ilivyo kwa Atieno na Otieno, Awuor na Owuor. Herufi moja ndiyo inayobeba jinsia, na hiyo herufi mimi nilikuwa nimeiziba. Mkia wa A ulikuwa umejikunja ukamezwa na duara, na tundu la katikati limejaa uzi. Ile e ilikuwa kidonge. Alama ya ng' haikuonekana kabisa. Nilipogeuza koti ndani niliikuta, vishono viwili vimezama kwenye kitambaa.

Usiku ule nilichukua rula. Uzi wa kawaida wa kudarizi, namba 40, ukilala juu ya nguo unachukua upana wa karibu milimita 0.4. Kwenye skrini uzi ni mstari tu, hauna tumbo. Sasa chukua E ya chapa: ina miti mitatu iliyolala na mapengo mawili kati yake, jumla matabaka matano. Ukiipa kimo cha milimita 5, kila tabaka linapata milimita moja. Milimita moja ndiyo kiasi ambacho mshono wa kujaza, unaokwenda kulia na kushoto, bado unalala vizuri, na pengo bado linaonekana. Ukishuka hadi 4, kila tabaka ni 0.8, yaani nyuzi mbili tu kwa upana. Sindano inaanza kurudia matundu yaleyale, kitambaa kinatoboka na uzi unakatika au unajikusanya chini kama kiota.

Herufi ndogo hali ni mbaya zaidi. Ile e nayo ina matabaka matano, lakini haina kimo cha herufi kubwa. Katika mwandiko wangu ilikuwa nusu yake, milimita 2.5. Gawanya kwa tano: 0.5. Pengo la upana wa uzi mmoja, halafu mashine nilikuwa nimeiambia inenepeshe kila mti kidogo ili kufidia nguo inapovutwa, kama nilivyozoea kwa nembo kubwa. Pengo lingetoka wapi?

Nilifumua kwa wembe, nikipitia upande wa nyuma. Populini nyeupe haisahau sindano. Baadhi ya matundu yalizibwa na mvuke wa pasi, lakini makoti manne ilibidi niyanunue upya kutoka mfukoni mwangu.

Tulirudi na herufi za chapa, kubwa zote, zimesimama wima, mti wa unene uleule juu hadi chini, bila vile vijiguu vinavyotokeza miguuni mwa herufi za magazeti. Jina milimita 7, cheo 5, chini ya hapo sikubali kwa uzi wa namba 40. Mtu akitaka herufi ndogo baada ya ile ya kwanza, nahesabu kutoka kwenye e, siyo kutoka kwenye A: e ikiwa milimita 5, herufi kubwa inafika 7 na zaidi kidogo. Jina ACHIENG' kwa kimo cha 7 linachukua kama sentimita 4, na mfuko wa koti una 11, kwa hiyo nafasi haijawahi kuwa tatizo. Tatizo huwa vyeo. Kuna vyeo vya maneno matano, na hapo namwambia mteja wazi kwamba ama tufupishe au tuviweke mistari miwili.

Alama ya ng' niliichora mwenyewe. Ni kijiti kilicholala kidogo, urefu milimita 2, unene 1.2, kimefungwa uzi mwanzoni na mwishoni, kikiachwa milimita moja kutoka kwa G. Mwenye jina la Ng'ong'a anastahili vijiti vyake viwili.

Fulana za kola za vijana wa boda boda zilinifunza jingine. Kitambaa chake kina vishimo, na herufi nyembamba inazama humo. Huko jina linaanzia milimita 8, na juu ya nguo natandika karatasi laini ya plastiki inayoyeyuka kwa maji. Uzi mwembamba wa namba 60 upo pia, nauagiza Nairobi. Ukiwa na sindano ndogo zaidi unanishusha hadi 4 kwenye populini, ila unakatika haraka na rangi ninazoweka ni tatu tu.

Mfuko mmoja wa yale makoti niliukata nikaupigilia ukutani. Mteja akinionyesha kwenye simu mwandiko wa kuviringa, namwomba kwanza ausome ule. Wote husema Ochieng'. Shangazi, ambaye goti lilimstaafisha, alipopita hakusema kitu. Aliubandua, akaugeuza, akaangalia nyuma yake kwenye mwanga wa mlango, kisha akauliza, "Uzi namba ngapi huu?"